Umesoma wasifu, hujamtambulisha

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye mhadhara wa wazi. Mshereheshaji akasimama, akasema, "Naomba sasa nimtambulishe profesa wetu kwa ufupi," kisha akafungua karatasi zilizobanwa pini. Tukaisikia shule ya msingi aliyosoma profesa. Tukausikia mwaka aliomaliza kidato cha sita. Zikafuata bodi alizokaa, majarida aliyohariri, kamati za kitivo. Ilipofika semina ya wiki mbili aliyohudhuria ughaibuni, mama mmoja nyuma yangu akamnong'oneza mwenzake, "Kwani mzee huyu amefariki?"

Mama yule hakuwa na utani. Kwetu, mtu ambaye wasifu wake husomwa wote hadharani, kuanzia kuzaliwa, ni marehemu. Msibani ni sawa kabisa, kwa sababu marehemu hawezi tena kujieleza na waombolezaji hawana haraka ya kumsikiliza mwingine. Profesa yule alikuwa hai, amekaa meza kuu, na mhadhara wake mkononi.

Maana yenyewe haina maneno mengi. Utambulisho ni kuwapa wasikilizaji kile kinachowawezesha kumtambua mzungumzaji: ni nani, na kwa nini ndiye anayelizungumzia jambo hili mbele yao siku hiyo. Wasifu ni maelezo ya maisha na kazi yake yote. Utambulisho huchotwa kwenye wasifu, kama kikombe kinavyochota mtungini, na mtu aliyeomba kikombe hamwagiwi mtungi.

Kinachonikera ni kwamba kosa hili limejificha ndani ya maneno yetu wenyewe, na watu wanalipita kila siku bila kuliona. Wasifu na sifa ni ndugu, yote mawili yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kueleza kitu kilivyo. Kwa Kiarabu sifa ni ile alama inayokibainisha kitu: urefu, rangi, umbo. Maana hiyo bado tunayo. Tangazo la kazi likisema "sifa za mwombaji", hakuna anayedhani mwombaji anatakiwa aje na watu wa kumpigia vigelegele. Ni vigezo tu: awe na cheti fulani, awe na uzoefu wa miaka kadhaa.

Lakini Kiswahili kililichukua neno hilo hilo na kulipa kazi ya pili. Kusifu kwetu ni kutukuza. "Anapenda sifa" si kusema kwamba mtu huyo anapenda kuelezwa alivyo. Hivyo mshereheshaji akikabidhiwa karatasi na kuambiwa "hizi hapa sifa za profesa", anasikia ile maana ya pili. Anaona kazi yake ni kutukuza, na kwa kuwa mkubwa hatukuzwi nusunusu, kuacha hata mstari mmoja anaona ni kumpunguzia mzee heshima. Ndipo tunapopata dakika kumi na tano za bodi na kamati.

Kutambulisha hakumo kwenye ukoo huo. Limejengwa juu ya kutambua, yaani kujua kitu ni kipi kati ya vingi. Kutambulisha ni kumfanya mwingine atambue, na anayefanyiwa kazi hiyo ni msikilizaji. Profesa anajijua. Ukishaliona hilo, swali la kuchagua mambo matatu kati ya arobaini linaanza kupata jibu, kwa sababu huulizi tena lipi ni kubwa kuliko jingine. Unauliza lipi litawasaidia watu hawa, juu ya mada hii.

Kwa nini matatu? Msikilizaji hawezi kurudi nyuma kama msomaji. Jambo la kwanza analishika, la pili analishika, la tatu analiunganisha na hayo mawili, na kuanzia la tano anabaki na mvumo tu wa kwamba mtu huyu ana mambo mengi. Mvumo huo alikuwa nao tangu alipoona neno "Profesa" kwenye bango la mlangoni.

Na neno hilo ndilo la kuanza kuchujia. Kwenye vyuo vyetu ngazi inapanda kutoka mhadhiri msaidizi kwenda mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, halafu profesa. Ukisema "Profesa", kwa kawaida umeshameza shahada ya kwanza, uzamili, uzamivu na madaraja yote ya chini. Kuyataja tena moja moja ni sawa na kumtambulisha nahodha kwa kusema anajua pia kuogelea. Kwa hiyo kabla ya kuchagua, futa kila kilichomo ndani ya kingine. Orodha ya mambo arobaini mara nyingi inabaki na kumi hivi.

Isipokuwa pale shahada yenyewe ilipokuwa habari. Uzamivu wa Wangari Maathai, alioupata Nairobi mwaka 1971, ulistahili kutajwa popote, kwa sababu unatambuliwa kuwa wa kwanza kupatikana kwa mwanamke Afrika Mashariki na Kati. Hapo hutaji kiwango cha elimu, unataja mlango uliofunguliwa.

Tuchukue mtu ambaye orodha yake ni ndefu kweli na inajulikana: Profesa Issa Shivji. Alizaliwa Kilosa mwaka 1946. Alisoma sheria Dar es Salaam, kisha London, akarudi na kupata uzamivu Dar es Salaam. Alifundisha sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, tangu 1970 hadi 2006. Aliongoza Tume ya Rais ya Kuchunguza Masuala ya Ardhi, iliyoundwa na Rais Mwinyi mwaka 1991 na kutoa ripoti mwaka uliofuata. Ni miongoni mwa waanzilishi wa HAKIARDHI, taasisi inayotetea haki za ardhi. Mwaka 2008 akawa wa kwanza kukalia Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Umajumui wa Afrika, kiti cha kitaaluma katika chuo hicho hicho. Ameliongoza Kavazi la Mwalimu Nyerere, kituo cha nyaraka na kumbukumbu. Ni wakili, ameandika vitabu na makala nyingi, amepewa shahada za heshima, na yeye pamoja na Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata waliandika wasifu wa Mwalimu Nyerere uliotoka 2020 kwa majuzuu matatu. (Hapo ndipo wasifu una haki ya kurefuka: kwenye rafu.)

Sasa chukulia amealikwa kuzungumza na wanavijiji wa mkoa wa Morogoro kuhusu migogoro ya ardhi. Ningetaja Tume ya 1991, kisha HAKIARDHI, kisha kwamba ni mzaliwa wa Kilosa. La tatu si cheo wala cheti, na kuna watakaosema haliwezi kukaa pamoja na hayo mengine. Lakini kwa wasikilizaji hao ndilo linalowaambia kwamba anayezungumza anawajua. Kwenye Tume ningeongeza sentensi moja: ilipendekeza ardhi isiendelee kuwa chini ya mamlaka ya Rais, na sheria za ardhi za 1999 hazikulikubali pendekezo hilo. Sentensi hiyo inawaonyesha wasikilizaji kwamba mzungumzaji ana msimamo kwenye mjadala huu, na wamsikilize wakijua hivyo. Uzamivu wake hapo hausaidii kitu. London haisaidii kitu.

Mhamishe sasa, umpeleke kwenye kongamano la Umajumui wa Afrika. Kilosa inaondoka, HAKIARDHI inaondoka, na Tume nayo, ingawa ndiyo kazi ya kiserikali iliyo kubwa kuliko zote kwenye orodha hiyo. Kinabaki Kigoda, wasifu wa Nyerere na Kavazi. Mtu ni yule yule, na hakuna hata kimoja kati ya vitatu vya kwanza kilichosafiri naye. Ukiona umemtambulisha mtu kwa maneno yale yale kwenye kumbi mbili zenye mada tofauti, ujue katika mojawapo, kama si zote mbili, ulisoma karatasi.

Ukumbi unaonisumbua mimi ni wa wanafunzi wa sheria wa mwaka wa kwanza. Hapo ningetaja miaka yake ya kufundisha Mlimani kwanza, halafu Tume, na kwa la tatu ningesita kati ya uwakili na vitabu. Nadhani ningechagua uwakili, kwa kuwa vijana wale wengi wanataka kuwa mawakili, na vitabu watakutana navyo kwenye orodha ya usomaji hata nisipovitaja. Mwingine angechagua kinyume na nisingegombana naye. Ningegombana na yule ambaye angevitaja vyote ili asichague.

Ukishachagua, kuna jambo moja linaloharibu hata utambulisho mfupi, nalo ni nyakati. Cheo alichokishika zamani kinasomwa kana kwamba bado anacho, na mgeni analazimika kuanza mhadhara wake kwa kusahihisha. Kukalia kigoda kuna muhula, kwa hiyo ni "aliyekuwa wa kwanza kukikalia". Vilevile profesa mstaafu na profesa emeritusi si kitu kimoja: kustaafu kunakuja na umri, emeritusi ni hadhi ambayo chuo huitoa kwa uamuzi wake, na si kila mstaafu huipata. Na usimpandishe profesa mshiriki. Yeye hatasema neno, ila wenzake waliokaa mstari wa mbele watatazamana. Dawa ni kumpigia mgeni simu siku moja kabla na kumsomea yale matatu. Ukimwuliza tu "nikutambulishe vipi?", atakutumia karatasi ile ile ya kurasa nyingi.

Kuna hafla moja ambapo urefu unakubalika kwa mtu aliye hai: anapotunukiwa shahada ya heshima. Maelezo yanayosomwa pale ndiyo hoja ya kumtunuku, na Mkuu wa Chuo anatunuku kwa msingi wa hayo yaliyosomwa. Pale sifa kwa maana zake zote mbili zinakutana, na hakuna anayelalamika.

Kwa hiyo, ndugu yangu mshereheshaji wa mwezi uliopita, ulichofanya kina jina na si jina baya: ulisoma wasifu. Ila ulituahidi utambulisho. Safari ijayo karatasi ile igawe mlangoni, mwenye kutaka asome akiwa amekaa. Halafu simama, taja jina la mzee na mambo yako matatu, na umwachie kipaza sauti.