Dhahabu ilitoka angani, ila si kwa jiwe unalouziwa

Tangu video zianze kusambaa kwamba dhahabu yote "imetoka kwenye nyota", tunaletewa mawe meusi mazito na watu walioyanunua kwa bei ya kutisha. Wameambiwa ni vimondo, na kimondo kikitoka nyotani lazima kijae dhahabu. Sehemu ya kwanza ya habari hiyo ni kweli. Tuanze nayo.

Nyota ya kawaida huunganisha atomu nyepesi kuwa nzito na kupata nishati, lakini faida hiyo hukoma kwenye chuma. Chuma kina protoni 26 na dhahabu ina 79. Protoni husukumana, kwa hiyo kuzibana zifike idadi hiyo ni kazi ngumu mno. Njia rahisi ni nyutroni, kwa kuwa haina chaji na hakuna kinachoizuia kuingia kwenye kiini cha atomu. Kiini kikimeza nyutroni nyingi kupita kiasi, baadhi yake hugeuka protoni, na elementi hupanda ngazi. Sharti ni kasi: nyutroni ziingie kwa makumi kabla kiini hakijapata nafasi ya kutulia. Hilo huhitaji mahali penye nyutroni za kumwaga, na nyota ya nyutroni ndiyo hiyo: uzito unaozidi wa Jua, umebanwa kwenye tufe lenye upana wa kilomita 20 hivi.

Tarehe 17 Agosti 2017 mgongano wa nyota mbili za aina hiyo ulinaswa. Mitambo miwili ya LIGO nchini Marekani, mmoja Hanford na mwingine Livingston, hupima kwa miale ya leza mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko midogo ya anga lenyewe. Siku hiyo mtambo wa Hanford ulitoa tahadhari peke yake. Ule wa Livingston ulikuwa umeyapata mawimbi yaleyale, lakini kelele ya ghafla iliingia sekunde moja hivi kabla ya nyota kugongana, na kompyuta ikaitupa data yake. Wataalamu walipofungua mchoro walimkuta mhalifu: mstari mnene wa kelele umesimama wima, na nyuma yake mkunjo wa mawimbi ukipanda vizuri kabisa. Wakaikata kelele, data ikatumika. Mtambo wa Virgo wa Italia karibu haukusikia kitu, na ukimya huo ukasaidia: chanzo kilikuwa upande ambao Virgo haioni vizuri, hivyo eneo la kutafuta likapungua sana.

Sekunde 1.7 baada ya mgongano, setilaiti ya Fermi ilipokea mmweko wa miale ya gama. Saa 11 hivi baadaye, darubini ya Swope huko Chile, yenye kioo cha mita moja tu, iliona nukta mpya kwenye galaksi ya NGC 4993, umbali wa miaka ya nuru milioni 130. Nuru hiyo ilianza ya buluu, na ndani ya siku chache ikawa nyekundu. Wekundu huo ndio ushahidi wenyewe, maana elementi nzito za kundi la lanthanaidi huizuia nuru ya buluu na kuiachia nyekundu.

Hapa tuwe waangalifu. Hakuna aliyeona dhahabu yenyewe kwenye nuru ile. Strontiamu, elementi nyingine inayozaliwa kwa kumeza nyutroni, ilitambuliwa humo mwaka 2019. Dhahabu inakadiriwa kwa hesabu: mada iliyorushwa ilizidi uzito wa Dunia 10,000, na dhahabu ndani yake huenda ikafikia uzito wa Dunia kadhaa. Milipuko ya nyota zenye usumaku mkali nayo huchangia, ingawa kwa sehemu ndogo.

Sasa jiwe lako. Dhahabu yetu ilitawanyika kwenye wingu la gesi kabla Jua halijazaliwa. Haikushuka kama donge. Kimondo cha chuma huwa na dhahabu ya gramu moja hivi kwa tani. Kwa kiwango hicho, Kimondo cha Mbozi kinachokadiriwa kuwa na tani 16 kingetoa gramu 16. (Na hicho ni urithi unaolindwa, kukata kipande ni kosa, tafadhali tusirudie kuulizwa.) Dhahabu ya Geita ilikusanywa na maji ya moto yaliyopita kwenye nyufa za miamba. Nyota haikuichagua Geita.

Kabla ya kutoa pesa, pima. Weka jiwe kwenye mzani, kisha lizamishe lote kwenye chombo chenye alama za mililita, likining'inia kwa uzi bila kugusa chini. Soma maji yamepanda kiasi gani, ugawe gramu kwa mililita. Jiwe la gramu 780 likipandisha maji mililita 100, jibu ni 7.8, yaani chuma. Dhahabu tupu ya uzito huo ingepandisha mililita 40 tu, kwa kuwa jibu lake ni 19.3. Mapovu yaliyoshikilia jiwe hupotosha kipimo, kwa hiyo litikise kwanza. Dhahabu iliyochanganyika na mwamba haipimiki hivi. Hiyo ipelekwe maabara. Na kwa Tanzania, dhahabu halisi hununuliwa kwenye soko la madini na mwenye leseni ya dila au broka. Ukikutwa nayo bila nyaraka, inaweza kutaifishwa, hata kama aliyekuuzia alikuonyesha video.