Kuutuliza uchachu katika mchuzi wa nyanya

Wapishi wengi ninaowafundisha hapa Bukavu wanaamini kwamba nyanya ikichemka kwa muda mrefu, uchachu wake hupanda na mvuke na kwisha. Sivyo. Asidi ya sitiriki, ambayo ndiyo hasa inayoifanya nyanya iwe chachu, haigeuki mvuke sufuriani. Yanayoondoka ni maji. Hata hivyo mchuzi uliopikwa vizuri huwa mpole mdomoni, kwa sababu sukari ya nyanya nayo hukolea, harufu ya ubichi hutoweka, na kitunguu pamoja na mafuta huufunika ukali uliobaki. Kazi ya mpishi, basi, ni kuyapa mambo hayo nafasi ya kutokea.

Tuchukue kilo 1 ya nyanya. Zichague nyekundu mpaka kwenye kikonyo, kwa kuwa nyanya yenye rangi ya kijani mabegani bado haijatengeneza sukari ya kutosha, na moto hauwezi kuitengeneza badala yake. Ukizipata za namna hiyo, ziache kikapuni jikoni kwa siku mbili au tatu, mahali pasipo na jua wala baridi ya friji, ndipo uzipike.

Maganda lazima yaondoke, kwani hayalainiki kamwe: hujikunja yakawa vijiti vigumu vinavyokwama kwenye meno. Toa kikonyo, chora msalaba mdogo kwa kisu upande wa chini, kisha tumbukiza nyanya chache chache kwenye maji yanayotokota. Joto hulegeza utando unaoshika ganda kwenye nyama. Bukavu iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, na maji yetu hutokota kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, kwa hiyo mimi huziacha kwa dakika nzima badala ya nusu dakika. Dalili ya kuangalia ni pembe za ule msalaba: zikianza kujikunja nje, opoa na utie kwenye maji baridi mara moja, la sivyo nyama iliyo chini ya ganda itaanza kuiva na utaipoteza pamoja na ganda.

Sehemu ya ndani inahitaji uamuzi. Ule utelezi unaozizunguka mbegu una asidi nyingi kuliko nyama, lakini pia ndimo ulimo utamu mzito unaofanya mchuzi uwe na ladha ya nyanya kweli. Wanaoutupa wote hupata mchuzi mpole usio na uhai. Mimi huukamulia kwenye chujio juu ya bakuli, natupa mbegu, na kuirudisha sufuriani nusu tu ya maji yaliyochujika.

Kitunguu kitangulie peke yake. Kimoja kikubwa, kilichokatwa vipande vidogo, kikaangwe katika vijiko vinne vya mafuta juu ya moto mdogo wa mbabula mpaka kilainike kabisa na kuwa kitamu, bila kuwa kahawia. Hapa wenye haraka hukosea: wakitia nyanya kitunguu kikiwa bado kigumu, asidi hukifanya kikae na ugumu wake, na hata saa nzima ya kuchemsha haitakilainisha vizuri.

Sasa tia nyanya zilizokatwakatwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi, katika sufuria pana isiyofunikwa, ili maji yapate njia ya kutoka. Mwanzoni moto uwe wa kutosha. Mchuzi ukianza kuwa mzito na kurusha matone, punguza makaa au yafunike kwa majivu, na ukoroge hadi chini, kwani sukari iliyokolea huungua upesi na kuleta uchungu usioweza kuondolewa. Baada ya dakika 30 hadi 40 mchuzi utakuwa umepungua karibu nusu. Pitisha kijiko katikati ya sufuria: njia yake ikibaki wazi kidogo kabla ya kujifunga, na mafuta mekundu yakijitenga pembeni, umeiva.

Onja wakati huo, si kabla. Kama bado unachoma ulimi, sukari kidogo itauficha uchachu, lakini haitauondoa. Kinachoiondoa asidi yenyewe ni bikaboneti ya soda: kiasi kinachoshikika kwa ncha za vidole viwili kinatosha kwa kilo 1. Mchuzi utatoa povu. Koroga mpaka litulie, onja tena, na usiongeze ovyo, maana ikizidi mchuzi hupata ladha ya sabuni. Unga wa kuumulia keki haufai, kwa kuwa una asidi yake ndani.

Sufuria ya aliminiamu isiyo na utando inaweza kuupa mchuzi ladha ya chuma, hasa ukilala humo usiku kucha. Uhamishie kwenye bakuli la kioo au la udongo uliong'arishwa mara tu unapoepuliwa, hata kama sambaza za kuutia bado ziko kwenye kikaango.