Jiki, asidi ya choo na dawa ya vioo: maswali ninayoulizwa na watu wanaokohoa

Nesi, nikimwaga asidi halafu nikaongeza jiki, si choo kinatakata zaidi?

Hakitakati zaidi, na wewe unaharibu mapafu. Asidi ya choo inang'oa madoa ya chokaa na kutu. Jiki inaua vijidudu na kufanya pawe peupe. Kila moja ina kazi yake, na zikikutana zinaharibiana. Asidi inaivunja jiki na kutoa gesi ya klorini, kwa hiyo ile nguvu uliyoinunua dukani inapaa hewani na kuingia puani mwako. Ukitaka zote mbili, tumia asidi leo, sugua, mwaga maji mengi, acha mlango wazi, na jiki uitumie kesho.

Ni kidogo tu nilichoweka, kifuniko kimoja au viwili. Kinaweza kudhuru?

Tupige hesabu. Jiki nyingi za dukani huwa na dawa yenyewe, haipokloraiti, kiasi cha asilimia 3.5. Mililita 100, yaani chini ya nusu kikombe, zikikutana na asidi ya kutosha zinaweza kutoa zaidi ya lita 1 ya klorini. Choo kidogo cha gesti kinabeba hewa ya lita 4,000 hivi. Klorini ikifika sehemu 10 kwa milioni, mfanyakazi asiye na kifaa cha kupumulia anatakiwa kutoka mara moja. Katika choo hicho, sehemu 10 kwa milioni ni mililita 40 tu za gesi, sawa na vijiko 8 vya chai. Kwa kweli si gesi yote inayotoka, nyingine hubaki kwenye maji. Lakini hata ikitoka sehemu moja ya kumi, umeshapita mstari. Hivyo vifuniko viwili ni vidogo kwenye ndoo, si kwenye choo kilichofungwa.

Na huku kwetu choo kinafungwa kweli. Mwezi wa sita na wa saba, kwa baridi ya Mbeya, Njombe au Makete, nani anaacha dirisha wazi? Halafu klorini ni nzito kuliko hewa, inatulia chini. Mtu anayesugua choo cha kuchuchumaa uso wake uko hapo hapo inapotulia.

Nikishaivuta, nikinywa maziwa si yanakata sumu?

Hapana. Maziwa yanakwenda tumboni, gesi imekwenda kwenye mapafu. Hayakutani.

Nalirudia hili kwa sababu ndilo linalowaleta watu kwangu wakiwa wamechelewa. Mhudumu wa gesti anamwaga asidi, anasugua, hamwagi maji, anaongeza jiki. Macho yanawaka, anakohoa, anatoka nje. Mama mwenye nyumba anampa glasi ya maziwa ya moto, anamwambia kalale. Anajisikia nafuu, na kila mtu anasema maziwa yamefanya kazi. Nafuu ile imeletwa na hewa safi. Usiku kifua kinabana, hawezi kulala chali, analetwa asubuhi midomo imebadilika rangi. Kilichotokea ni kwamba gesi iliunguza njia za hewa, na maji yakaanza kujaa kwenye mapafu polepole. Hilo linaweza kuchukua saa kadhaa, hata hadi siku nzima.

Hakuna dawa ya kuifuta klorini iliyokwisha kuunguza. Tunachofanya ni kupima oksijeni kwenye damu kwa kile kibanio cha kidole, kukupa hewa ya oksijeni, dawa ya kufungua njia za hewa kama salbutamoli, na kukuangalia kwa saa kadhaa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachopatikana kwenye glasi ya maziwa.

Basi nifanye nini pale pale?

Toka. Usirudi kuchukua ndoo wala kufunika chupa, na usijaribu kumwaga kitu kingine juu yake ili kuizima. Acha mlango wazi ukitoka, uwazuie wengine wasiingie, na mhamie sehemu ya juu yenye upepo. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi, hata ukiilowesha. Kama macho yanawaka, yaoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Dawa ikikurukia, vua nguo iliyolowa na uoshe ngozi.

Ukikohoa bila kukoma, ukisikia mluzi kifuani, ukikosa pumzi, au kama una pumu, nenda kituo cha afya saa hiyo hiyo. Beba picha ya chupa zote mbili. Hata kama umepoa, usilale peke yako usiku huo, na kikohozi kikiongezeka nenda. Maziwa? Kunywa na chai yako kesho, si badala ya kituo.

Na dawa ya kusafishia vioo nayo ina shida?

Zile zenye amonia, ndiyo. Zikikutana na jiki zinatoa gesi nyingine, kloramini, inayounguza macho na kifua vile vile. Mkojo uliokaa nao una amonia, kwa hiyo usimwage jiki juu ya choo kinachonuka mkojo kabla ya kukisuuza kwa maji.

Sisi hatuchanganyi, tunaziweka tu pamoja stoo. Kuna ubaya?

Upo. Chupa zinavuja, hasa vifuniko vikilegea. Mvuke wa asidi unakula chuma. Ukiona bawaba za kabati zimepata kutu wakati za mlango wa nje ni nzima, ujue asidi inavuja humo ndani. Angalia pia sakafu. Stoo nyingi zina mteremko unaokwenda kwenye tundu la maji, kwa hiyo hata chupa zilizo kona tofauti, zikivuja zote, zinakutana pale tunduni.

Panga hivi. Simama mlangoni ukitazama ndani. Ukuta wa kushoto weka jiki peke yake, rafu ya chini, mbali na jua, ndani ya beseni la plastiki. Ukuta wa kulia, chini kabisa, weka asidi ya choo, asidi ya betri na siki, nazo ndani ya beseni lao. La bati halifai. Beseni liwe kubwa kuliko chupa iliyomo: dumu la lita 5 linataka beseni linalomeza zaidi ya lita 5. Ukuta wa mbele, katikati, weka sabuni ya unga, karatasi za choo na mafagio. Dawa ya vioo yenye amonia isikae stoo hii kabisa. Ipeleke mapokezi, kwenye vioo vyenyewe. Kila upande uwe na ndoo na brashi yake, na uzipake rangi tofauti, maana brashi yenye asidi ikichovywa kwenye ndoo ya jiki umerudi pale pale.

Sina stoo, nina kabati moja tu chini ya sinki.

Basi humo ibaki jiki. Asidi itoke, ikae nje kwenye kibanda kinachofungwa kwa kufuli, au nunua ya kutosha siku moja tu.

Asidi yangu naipata sokoni kwenye chupa ya maji ya kunywa.

Hiyo usiiingize nyumbani. Haina lebo, mtoto ataiona ni maji, na mhudumu mpya ataiona ni jiki.