Je, wajua kwa nini khanga "inayomfaa kila mtu" haimpati mnunuzi wa zawadi?

"Nauza khanga kwa simu. Nimeandika kuwa ni zawadi inayomfaa kila mtu, lakini wateja wanauliza imeandikwaje, kisha wananyamaza. Nakosea wapi?"

Umeeleza kitambaa, ukamsahau mtu atakayepewa. Anayenunua khanga ya kujifunga mwenyewe anatafuta khanga. Anayenunua ya zawadi ana mtu kichwani, mama mkwe au shoga yake, na siku inamkaribia. Anaposoma maelezo yako anajiuliza jambo moja tu: huyu wangu, hii itamkaa? "Kila mtu" haimjibu, kwa hiyo anakuuliza jina la khanga ili apime mwenyewe. Kupima kukimshinda, ananyamaza.

Kosa hilo nililifanya mimi pia, tena kwa kujiamini. Niliona kwamba nikitaja watu wachache nitawafukuza wengine, basi nikaandika "rangi nyekundu na nyeupe, pamba tupu, doti moja, zawadi nzuri kwa mwanamke yeyote." Kijana mmoja akaipenda rangi, akamnunulia mama mkwe wake kwa Idi. Khanga ilikuwa imeandikwa "Hasidi hana sababu". Siku ya tatu ikarudi dukani, imekunjwa vizuri, na kijana hakutaka hata kukaa. Rangi aliyoipenda ilikuwa ileile, na pamba ilikuwa pamba kweli. Nilichomnyima ni habari moja tu aliyoihitaji.

Kwa bidhaa nyingine kosa hili lina hasara ndogo. Sahani ikipelekwa kwa asiyemfaa itakaa kabatini, basi. Khanga inasema. Ina pindo linalozunguka pande zote, ina mji katikati, na chini ya mji kuna jina, yaani ule msemo. Majina yalianza kuchapishwa mwanzoni mwa karne ya 20, awali kwa herufi za Kiarabu, na mfanyabiashara wa Mombasa Kaderdina Hajee Essak, ambaye khanga zake zilijulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla", hutajwa sana katika habari hiyo. Tangu hapo khanga ni barua, na barua haiwezi kumfaa kila mtu.

Hapa ndipo wauzaji wengi wanapokwama, hata wale walioacha kuandika "kila mtu". Wanaandika "kwa wanawake wa miaka 30 hadi 50" wakidhani wametaja mtu. Umri hausaidii kitu. Chukua jina "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo". Mjukuu akimpa bibi aliyemlea, ni shukrani inayoweza kumliza mzee. Jirani akimpa jirani ambaye mwanawe kavunja kioo cha dirisha wiki iliyopita, ni ugomvi uliofungwa kwa utepe. Khanga ni ileile, na wapokeaji wanaweza hata kuwa rika moja. Kilichobadilika ni nani anampa nani, na kuna nini kati yao.

Mfikirie mshenga. Mshenga mzuri hafiki kwa wazee akasema "kijana wetu anafaa kwa binti yeyote". Wazee wangeshuku kuna jambo linafichwa. Huanza na nyumba aliyoijia: binti wenu tumesikia anapenda kusoma, na kijana wetu ni mwalimu. Anaunganisha pande mbili kwa jambo lililopo kweli. Tena mshenga mwaminifu hutaja na dosari mapema, kwamba kijana anaishi mbali, kwa sababu anajua dosari ikigundulika baada ya mahari italipuka mikononi mwake. Maelezo ya khanga ya zawadi ni kazi ya mshenga kabisa. Yataje pande mbili, yaseme kinachoziunganisha, kisha yaseme nani asipelekewe.

Tuchukue khanga yenye jina "Wema hauozi", doti moja, ya kijani na njano. Maelezo ya kwanza yangekuwa rangi, pamba, bei. Mimi leo ningeandika hivi:

"Kwa mtu aliyekutendea jambo na hujapata namna ya kumshukuru: mama mdogo aliyekulipia ada, jirani aliyekaa na mgonjwa wako, mwalimu anayestaafu. Jina: WEMA HAUOZI. Khanga (leso) doti moja, kijani na njano, pamba. Kila kipande ni takriban mita 1.5 kwa 1.1. Haijakatwa wala kupindwa. Ukitaka ifike tayari kuvaliwa, niambie siku mbili kabla. Kama uliyemkusudia mna deni au ugomvi ambao haujaisha, chagua jina jingine, huenda akaona unamkumbusha fadhila zako."

Mtu ametangulia, na jina limefuata mara moja. Kwenye simu mnunuzi huona mstari mmoja au miwili kabla ya kulazimika kubonyeza asome zaidi, na ukiijaza mistari hiyo kwa neno "pamba" umeipoteza. Neno leso limewekwa kwa ajili ya wateja wa Mombasa, ambao wengi wao hawatatafuta kwa jina la khanga. Habari ya kupinda inaonekana ndogo, lakini mwenye sherehe kesho hana muda wa kumtafuta fundi, na doti isiyokatwa si rahisi kujifunga. Sentensi ya mwisho huwaogopesha wauzaji. Kwangu ndiyo iliyopunguza khanga zinazorudi.

Idadi ya watu wa kutaja? Mimi hutaja wawili au watatu. Hiyo ni desturi yangu tu, sijaipima. Ninachokiona ni kwamba akitajwa mmoja peke yake, msomaji ambaye hana mama mdogo anaondoka, na wakifika sita tumerudi kwenye "kila mtu" kwa njia ndefu. Wala sisemi maelezo yataiuza khanga ambayo picha yake ina giza au bei yake imepita kiasi.

Maswali ya wateja yatakuonyesha pengo liko wapi. Wakiuliza "imeandikwaje?", jina halionekani mapema. Wakiuliza "mama mkwe ataipenda?", umetaja jina lakini hukutaja pande mbili. Wakiuliza "una isiyo na maneno?", wameogopa majina kabisa, na hapo wengi huwatolea kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe, kwa kuwa mara nyingi haina jina. Taratibu hapo! Kisutu ni nguo ya bibi harusi. Kinampendeza sana mwali, na shangazi anayemwandalia vitu vyake atakushukuru, lakini ukimpelekea mfanyakazi mwenzako ambaye hajaolewa, ofisi nzima itasoma neno ambalo halikuandikwa.

Ile "Hasidi hana sababu" iliyorudi niliikunjua, nikaipiga picha upya na kuandika: "Kwa shoga yako aliyefungua biashara, na mtaa umeanza kununa. Si ya wakwe." Ilitoka wiki hiyohiyo. Khanga moja si ushahidi, ila aliyeinunua alirudi kuulizia nyingine ya jina hilohilo. Alisema mashoga zake wako wawili.