Akaunti zinazofufuka: kufuta mtumiaji kwenye programu ya simu

Kitufe cha "Futa akaunti" kinachorwa kwa nusu saa. Kazi inaanza pale akaunti iliyofutwa inaporudi bila mwenyewe kuiita.

Mara ya kwanza kukutana na jambo hili nilikuwa kwenye timu ya programu ya kuandika kumbukumbu na kuhifadhi picha. Tulikuwa tumeweka muda wa kujirudi wa siku 30: ukiomba kufutiwa, akaunti inafichwa, na ukiingia tena kabla muda haujaisha, ombi linafutika. Tuliona ni ukarimu. Miezi miwili baadaye mtumiaji mmoja akatuandikia kwa hasira kwamba aliiomba akaunti ifutwe na bado anapokea barua pepe zetu. Tukafungua kumbukumbu za seva, tukakuta ombi lake liko pale, saa nne usiku. Saa tisa usiku huohuo, akaunti "imerejeshwa na mtumiaji".

Mtumiaji alikuwa amelala. Aliyerudi alikuwa kishikwambi chake. Programu ilikuwa imewekwa humo pia, ikaamka yenyewe usiku kusawazisha picha, ikakuta tokeni yake ya muda mfupi imekwisha, ikatumia tokeni ya kuhuishia kuomba nyingine. Msimbo wetu ulihesabu kila tokeni mpya kuwa ni mtu ameingia. Basi kishikwambi kikafuta uamuzi wa mwenye mali.

Tangu hapo nina kanuni moja: kurudi ni tendo, nalo lazima litendwe na mtu aliyeulizwa akajibu. Ombi la kufuta likishapokelewa, seva inabatilisha tokeni zote za kuhuishia kwenye vifaa vyote, siyo kile alichoshika tu. Tokeni za muda mfupi ambazo seva inazithibitisha kwa saini peke yake zitaendelea kupita hadi zikwishe, kwa hiyo ama zipe uhai mfupi, dakika 15 hivi, ama hali ya akaunti ikaguliwe kwenye kila ombi linaloandika kitu. Mtu akiingia ndani ya zile siku 30, anapewa tokeni yenye mipaka inayomfikisha kwenye skrini moja tu: tarehe ya kufutwa, kitufe cha kuendelea na akaunti, na kitufe cha kupakua data zake. Akiifunga skrini bila kugusa kitu, hesabu inaendelea.

Mtego wa pili unafanana na huo. Baada ya ombi tunatuma barua pepe, maana anayefuta huenda si mwenye akaunti bali ni mtu aliyeokota simu iliyofunguliwa. Ndani yake kuna kiungo cha kusitisha ufutaji. Kiungo hicho kikisitisha kwa kufunguliwa tu, ufutaji utasitishwa na mashine: mifumo mingi ya kukagua barua pepe hufungua viungo ili kuona kama vina madhara. Kiungo kifungue ukurasa, na kusitisha kufanywe na kitufe kinachotuma `POST`.

Kuhusu uthibitisho wenyewe sitakaa sana, ila watu huchanganya maswali mawili. Kumwambia mtu aandike neno FUTA kunazuia kidole kuteleza. Hakuthibitishi yeye ni nani. Utambulisho unathibitishwa kwa nenosiri, na kwa aliyejisajili kupitia Google au Apple, ambaye kwako hana nenosiri, ni kumpitisha huko upya au kumtumia namba ya mara moja. Nimeona skrini ikidai nenosiri kwa mtu ambaye hajawahi kuwa nalo. Huyo hatoki kamwe. Usizidishe vizingiti pia. Apple, tangu Juni 30, 2022, inataka programu inayoruhusu kufungua akaunti iruhusu pia kuanzisha ufutaji humohumo ndani, na Google Play inataka zaidi ya hapo kiungo cha wavuti kwa aliyekwisha kuondoa programu kwenye simu. Na mwambie mapema anayelipia kila mwezi: kufuta akaunti kwako hakusitishi malipo yanayokatwa na duka la programu. Hilo analisitisha kule.

Sasa siku ya 30 imefika. Kazi ya usiku inachukua akaunti zilizoiva, na kwa sekunde hiyohiyo mtu anaweza kuwa anabonyeza "Endelea na akaunti". Usisome hali kwanza kisha ukaandika baadaye. Kati ya kusoma na kuandika ndipo mtu anapopotea. Kagua na ubadilishe kwa amri moja:

```sql
UPDATE akaunti
SET hali = 'inafutwa'
WHERE id = :id
  AND hali = 'inasubiri'
  AND futa_baada_ya <= now();
```

Ikirudisha rekodi 0, mtu kawahi, iache. Ikirudisha 1, mlango umefungwa, na kitufe cha kurudi kinatakiwa kukataa kwa sharti lilelile, yaani kibadilishe tu akaunti ambayo bado `inasubiri`.

Kusafisha kunaenda kutoka nje kuja ndani, na rekodi ya mtumiaji ndiyo ya mwisho. Sababu ni ya kawaida kabisa: rekodi hiyo ndiyo inayoshika funguo za kufikia vingine. Aliyeingia kwa Apple, kwa mfano, tokeni yake inatakiwa kubatilishwa kupitia `https://appleid.apple.com/auth/revoke`, na ili kufanya hivyo unahitaji ile tokeni uliyoihifadhi. Ukianza na hifadhidata, umetupa ufunguo ukiwa bado nje. Vivyo hivyo picha: majina ya mafaili yamo kwenye jedwali, jedwali likitangulia picha zinabaki yatima, unazilipia na hujui ni za nani.

Hatua yoyote inaweza kukwama katikati, kwa hiyo kila moja iwe inarudika. Kazi inaandika imefika wapi, inajaribu tena, na jibu la 404 kutoka huduma ya nje linahesabiwa kuwa mafanikio, kwani kitu kimeshaondoka. Msimbo wetu wa kwanza uliona 404 ni kosa, ukawa unarudia picha ileile iliyokwisha kufutwa, na akaunti zikarundikana kwenye `inafutwa`. Leo kipimo ninachokitazama ni kimoja: akaunti iliyokaa katika hali hiyo zaidi ya saa 24 inaniletea arifa.

Ufufuo wa tatu ndio wa kimyakimya zaidi. Nakala rudufu za hifadhidata huwezi kuingia ndani ukachomoa mtu mmoja; unaziacha zizeeke na kufutwa kwa ratiba, tuseme siku 35, nawe unalisema hilo wazi kwenye sera yako. Lakini siku hifadhidata ikiharibika ukarejesha nakala ya wiki iliyopita, wote waliofutwa wiki hiyo wanaamka pamoja na picha zao za wasifu zilizovunjika. Dawa ni orodha ya vitambulisho vilivyofutwa, namba na tarehe tu bila jina wala barua pepe, inayokaa nje ya hifadhidata hiyo. Ukirejesha nakala, unaipitisha orodha kwanza, ndipo unafungua seva kwa watu.

Jaribio letu la kila toleo linakwenda hivi: tunafungua akaunti kwenye vifaa viwili, tunapandisha picha, tunaomba kufuta kwenye kimoja, tunakiacha cha pili kijisawazishe, tunarudisha `futa_baada_ya` nyuma, kisha tunaendesha kazi ya usiku mara mbili mfululizo. Mwishoni tunatafuta kitambulisho na barua pepe hiyo kwenye kila jedwali na kila ghala la mafaili. Mara ya mwisho ilipatikana mahali ambapo hakuna aliyepafikiria: kwenye jedwali la barua pepe zilizoshindwa kutumwa.