Retansyo: mkojo unapogoma baada ya kujifungua

Katika materniti za Bukavu, muuguzi akiandika "retansyo" kwenye fishi ya mama mzazi, maana yake ni kwamba mkojo umejaa kibofuni na hautoki. Kipimo kinachotumiwa sana ni saa sita: tangu kujifungua kwa njia ya kawaida, au tangu sondi, ule mpira wa kutoa mkojo, ilipotolewa baada ya kupasuliwa, mama hajakojoa. Ila kuna retansyo nyingine inayojificha, na hiyo ndiyo inayotuponyoka. Mama anakojoa, lakini mkojo mwingi unabaki ndani.

Chukua mama wa Kadutu, mimba ya kwanza, aliyeshindana na uchungu usiku kucha, mtoto akatolewa kwa ventuzi, kikombe kinachomvuta kwa kichwa, kabla ya jua kuchomoza. Saa nne asubuhi muuguzi anamuuliza:

"Mama, ulisha kojoa?"

"Ndiyo, nilienda mara nne. Inatoka kidogo kidogo tu."

Wengi wangeandika "amekojoa" na kupita. Lakini hizo "mara nne", kila mara kijiko kimoja au viwili, ni mkojo unaofurika, kama bidoni lililojaa linalomwagika ukingoni. Muuguzi akimpapasa tumbo anakuta uvimbe laini juu ya kinena, na mfuko wa uzazi umesukumwa juu ya kitovu, umeegemea kulia. Nguo yake ina damu kuliko inavyotarajiwa, maana kibofu kilichojaa kinauzuia mfuko wa uzazi usijikaze vizuri. Ndiyo sababu damu nyingi inapotoka baada ya kuzaa, kibofu hukaguliwa mapema.

Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hasikii haja yoyote. Kichwa cha mtoto kimekandamiza kwa muda mrefu mishipa ya fahamu inayopeleka habari za kibofu, na njia ya mkojo imevimba. Kwa aliyepasuliwa, sindano ya mgongo hufanya kazi hiyohiyo: miguu huamka kwanza, kibofu kinachelewa. Wakati huohuo, mwili unaanza kutoa maji yaliyokusanyika wakati wa mimba, kwa hiyo kibofu kinajaa haraka kuliko siku nyingine. Mtu mzima kwa kawaida huhisi haja kali kibofu kikikaribia mililita 400 au 500. Kikipita lita moja, nyama yake inavutika kama lastiki iliyochoka, na hata mishipa ikiamka inakosa nguvu ya kusukuma.

Mwanzoni hujaribiwa mambo mepesi: dawa ya maumivu, kusimama na kwenda chooni badala ya kutumia besani kitandani, kumwagia maji ya vuguvugu sehemu za siri, na faragha. Hilo la faragha linadharauliwa. Kukojoa mbele ya gadimaladi wa vitanda vitatu si rahisi. Asikandamizwe tumbo kwa nguvu, wala asinyimwe maji ya kunywa.

Kwa mama wetu hayo hayakufaa. Akawekewa sondi, na ukatoka mkojo wa mililita 1,200. Mfuko wa uzazi ukashuka, ukawa mgumu, damu ikapungua. Kwa kuwa kibofu kilivutika kiasi hicho, sondi haikutolewa papo hapo. Iliachwa saa 48 ili kipumzike. Wapo wanaoibana na kuifungua ili "kuzoeza kibofu", lakini sioni sababu: faida yake haijaonekana.

Ilipotolewa, alikojoa ndani ya kopo lenye alama: mililita 300. Mara moja wakapima kilichobaki. Penye ekografia hupimwa kwa hiyo, pasipo nayo kwa sondi ya kuingiza na kutoa. Kilibaki 90. Wengi hukubali chini ya 150. Kingekuwa zaidi, angefuatiliwa na kupimwa tena, na kama ni kingi mno, angerudishiwa sondi.

Mama anayevujisha mkojo muda wote huku kibofu kikiwa kitupu ana jambo lingine: huenda ni fistula, yaani tundu linalopitisha mkojo ukeni, na Bukavu hospitali ya Panzi inajulikana kwa matibabu yake. Na mama ambaye ganzi ya mapajani na sehemu za siri haimtoki, au miguu inazidi kulegea, aonwe na daktari saa hiyohiyo, si kesho.

Mama wa Kadutu alirudi nyumbani bado hasikii kibofu kikijaa. Aliambiwa asingoje haja: kila saa tatu mchana simu ilie, aende, usiku, kila anapoamka kunyonyesha. Aliambiwa arudi mara moja akipata homa, mkojo ukimchoma, au ukianza tena kutoka matone. Siku ya tisa, akiwa anafua nepi, haja ilimjia kabla simu haijalia.