Muyaka hakuandika diwani, jamani

Wiki hii nimetumiwa tena makala yenye maneno haya: "Kama Muyaka anavyosema katika diwani yake..." Mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki yapata 1840. Diwani, yaani kitabu cha mashairi yake, ilichapishwa 1940. Hakuiandika, wala hakuiona.

Kilichotokea ni hiki. Mashairi yalibaki vinywani. Miongo kadhaa baadaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki 1890, aliyakusanya kwa watu, na mmishonari Taylor akayanakili pamoja na maelezo ya Sikujua. Mhariri Hichens ndiye aliyeyachapa. Kwa hiyo ukisoma kwamba shairi fulani lilitungwa wakati wa vita fulani, mara nyingi unamsikia Sikujua, si Muyaka.

Hapo ndipo ninapogombana na watu. Chukua shairi la kuwakebehi watu wa Lamu. Mtu husema moja kwa moja: hili ni la vita vya Shela, Lamu ilipopigana na Mombasa mnamo 1812 au 1813. Kwa nini? Maelezo yanasema hivyo. Na maelezo yamejuaje? Pengine yamekisiwa kutokana na shairi lenyewe! Tunazunguka duara tukidhani tunasonga mbele. Mimi hutafuta jina ndani ya beti. Akitajwa liwali Abdallah bin Hamad kama mtawala, tarikhi za Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, zinanipa 1814 hadi 1823, basi shairi hilo limefungwa mahali. Lisilo na jina huliacha bila mwaka, hata kama linanukia baruti. Mombasa na Lamu hazikugombana siku moja tu.

Hati nazo zina mitego yake. Herufi za Kiarabu zilizotumika zamani mara nyingi hazitofautishi p na b, kwa hiyo "paa" na "baa" huandikwa sawa: mmoja anapaa, mwingine amepatwa na baa. Mizani haikusaidii hapo, kwani kila neno lina silabi mbili. Kina nacho hulinda mwisho wa kipande tu; neno la katikati ni lako na Mungu.

Basi twende kwa wazee, mtasema. Twende. Kwa nasaba na nani alimuoa nani, wananishinda mara mia. Lakini mzee mmoja alinighania ubeti alioupokea, aliniambia, kwa babu yake. Nilifurahi sana hadi nilipofika nyumbani nikaufungua ukurasa wa diwani: neno kwa neno, pamoja na neno moja ninaloamini ni kosa la chapa. Hakunidanganya. Kitabu kilikuwa kimeingia nyumbani miaka mingi, kikasomwa kwa sauti, kikageuka kumbukumbu. Siku hizi ubeti wa mdomoni usiopishana na kitabu hata kidogo hunitia shaka kuliko ule uliopotoka.

Na babu yake je, kama kweli aliughani hivyo kabla ya 1940? Kosa ninalolitaja huenda si kosa. Bado nimeliwekea alama ya kuuliza kwa penseli.